Boda aliyewahi kwa saa sita

Dereva wa boda anaweza kuchelewa kwa sababu mia moja, na Dar es Salaam zote zinaaminika: foleni ya Ubungo, mvua, pancha, trafiki. Ndiyo maana wateja walipoanza kulalamika kwamba mizigo haifiki kwa saa waliyosema, ofisini kwetu hakuna aliyeshtuka. Dada wa huduma kwa wateja aliomba radhi, akaandika malalamiko kwenye daftari lake, kazi ikaendelea. Kilichotushtua ni mteja wa Sinza aliyepiga simu na lalamiko la kinyume. Alisema aletewe mzigo saa tisa, boda akaja kugonga geti saa tatu asubuhi, nyumbani hakuna mtu.

Boda kuchelewa, sawa. Lakini boda kuwahi kwa saa sita?

Nieleze kwanza tunachofanya. Ni kampuni ndogo ya kusambaza mizigo. Mteja anatuma ujumbe wa kawaida, kwa mfano "leteni kesho saa nne nipo dukani", na modeli ya lugha inausoma na kutoa vitu vitatu: siku, saa na mahali. Programu inapokea vitu hivyo na kumpangia dereva. Modeli inajua la kufanya kwa sababu ya prompti, yaani maelekezo tuliyoandika kwa Kiswahili cha kawaida kwenye faili moja liitwalo `mzigo.txt`. Faili lina mistari kama 60 hivi. Hatukufundisha modeli yoyote, kazi yetu yote ipo kwenye hiyo mistari.

Zamani mistari hiyo ilikaa kwenye kisanduku ndani ya ukurasa wa usimamizi. Yeyote mwenye nywila aliingia, akabadilisha maneno, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Toleo la jana lilipotea palepale. Wakati mmoja majibu yaliharibika vibaya hadi tukaandika prompti upya kuanzia mwanzo, maana hakuna aliyekumbuka ilivyokuwa ilipokuwa nzuri. Baada ya hapo tukaihamishia kwenye Git, programu ya kuhifadhi historia ya faili, pamoja na programu yetu. Nikajiona nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza. Git inatunza kila toleo, lakini sababu ya kubadilisha haiwezi kuijua usipoiandika. Na maelezo yetu ya mabadiliko, nikiyasoma leo, yanatia aibu. "Marekebisho." "Marekebisho tena." "Prompti mpya." "Imekaa sawa sasa."

Baada ya simu ya Sinza nilichukua daftari la dada, nikaanza kupanga malalamiko kwa saa. Aliyesema saa tatu alifikiwa saa tisa. Aliyesema saa nne alifikiwa saa kumi. Aliyesema saa tisa, boda alifika saa tatu. Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa. Modeli ilikuwa inasoma "saa tatu" kama tatu ya kwenye simu, yaani 15:00, badala ya 09:00. Tofauti ya saa sita kamili, kila mara.

Programu ilikuwa na ulinzi, na ulinzi wenyewe ndio uliotuponza. Tunafanya kazi kuanzia 08:00 hadi 18:00, na saa yoyote nje ya hapo inakataliwa na kurudishwa kwa mtu aiangalie. Laiti modeli ingeandika 03:00, tungejua siku hiyohiyo. Lakini saa nyingi za Kiswahili za mchana, ukizisoma vibaya, bado zinaangukia ndani ya muda wa kazi: saa tatu inakuwa 15:00, saa nne inakuwa 16:00, saa tisa inakuwa 09:00, saa kumi inakuwa 10:00. Zote zinaonekana halali. Kosa lilipita getini likiwa limevaa sare.

Pia halikumpata kila mtu. Mteja aliyeandika "saa tatu asubuhi" alihudumiwa vizuri, kwa sababu neno asubuhi liliibana modeli. Walioumia ni wale walioandika "saa tatu" tu, na hao ni wachache. Ukiangalia wastani wa siku nzima, huoni kitu.

Basi ofisini ukaanza ubishi wa nani mkosaji. Katika wiki tatu za malalamiko hayo kulikuwa na mabadiliko saba kwenye faili la prompti, na juu yake tulikuwa tumehamia toleo jipya la modeli. Kila mtu akalishika toleo jipya, maana ndilo lisiloweza kujitetea. "Si nilisema tusihame?" Bosi alikuwa karibu kuamuru turudi kwenye toleo la zamani.

Nikaomba saa moja. Kwa kuwa kila toleo la prompti lilikuwa limehifadhiwa, niliweza kufanya jambo ambalo enzi za kisanduku lisingewezekana: kuchukua prompti ya mwezi uliopita na kuiendesha kwenye modeli mpya. Nilikusanya ujumbe 12 wa kweli kutoka kwa wateja, nikafuta majina na namba za simu, nikaandika jibu sahihi la kila mmoja. Nane ulitaja asubuhi, mchana au jioni, minne ulitaja saa tupu. Kila ujumbe niliupitisha mara tano, kwa sababu modeli si kikokotoo, inaweza kupatia leo na kukosea kesho kwa swali lilelile. Jumla majibu 60.

Prompti ya zamani kwenye modeli mpya ilipata 59 kati ya 60. Prompti ya sasa kwenye modeli hiyohiyo ilipata 41. Modeli ikaachiwa huru palepale. Aliyeharibu alikuwa mmoja wetu.

Ili kujua ni badiliko lipi kati ya saba, nilitumia `git bisect`. Unaiambia Git toleo lipi lilikuwa zuri na lipi ni baya, nayo inakupa la katikati ulipime. Likiwa zuri, kosa lipo mbele yake. Likiwa baya, ndilo lenyewe au lipo nyuma yake. Kwa mabadiliko saba inatosha kupima mara tatu tu. Na ukiwa na programu ya kupima, Git inafanya yenyewe. Hapa `HEAD` ni toleo la sasa, na `4e1c9a2` ni namba ya lile la zamani lililokuwa zuri:

```
git bisect start -- prompti/mzigo.txt
git bisect bad HEAD
git bisect good 4e1c9a2
git bisect run ../pima.sh
```

Mambo matatu yalinichelewesha hapa. La kwanza, angalia zile nukta mbili kabla ya `pima.sh`. Mwanzoni niliweka faili la kupimia ndani ya hifadhi ileile ya Git yenye prompti, na Git iliporudi kwenye matoleo ya nyuma, faili likapotea, kwa sababu wakati huo lilikuwa halijaandikwa bado. Kipimo lazima kikae nje ya historia unayoipima.

La pili ni mtandao. `git bisect run` inasoma namba ambayo programu yako inatoa ikimaliza: 0 ni toleo zuri, 1 ni baya, na 125 maana yake toleo hili halipimiki, liruke. Mtandao ulikatika katikati ya jaribio, programu yangu ikaanguka na kutoa 1, na Git ikamhukumu asiye na hatia. Nikairekebisha itoe 125 kila ikishindwa kuifikia modeli, nikaanza upya.

La tatu ndilo linalohitaji utulivu zaidi. Majibu yanayumba, kwa hiyo mpaka kati ya zuri na baya haukisiwi. Nilipima toleo zuri mara tatu nikapata 59, 60, 60. Nikapima baya mara tatu nikapata 41, 43, 40. Kuna pengo pana katikati, hivyo niliweka mpaka kwenye 55. Kama namba za pande mbili zingekuwa zinagusana, tuseme 57 kwa 55, ningelazimika kuongeza ujumbe au marudio kabla ya kuendelea. Njia hii ya kugawa katikati haivumilii hukumu moja ya uongo: ikikosea mara moja inakupeleka kwenye nusu isiyo na mkosaji, na mwisho itakutajia jina kwa kujiamini kabisa.

Ikanitajia jina. Jina langu.

Badiliko lilikuwa na maelezo "Kusafisha prompti, kupunguza urefu". Nililikumbuka vizuri. Ilikuwa Ijumaa jioni, nimeona prompti imekuwa ndefu, tunalipia kila neno, nikapitisha fagio. Ndani yake kulikuwa na hiki, alama ya kutoa ni mstari ulioondolewa, ya kujumlisha ni ulioongezwa:

```
-Mteja akitaja saa, ni saa za Kiswahili: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa kumi jioni ni 16:00.
-Asipotaja asubuhi wala jioni, chagua saa ya Kiswahili iliyo ndani ya muda wa kazi.
+Mteja akitaja saa, iandike kwa mfumo wa saa 24, ndani ya muda wa kazi.
```

Soma ule mstari mpya kama Mswahili, hutaona kosa. Saa tatu ni saa tatu, nani asiyejua ni 09:00? Ndiyo maana niliiona ile mistari miwili kuwa maneno ya bure. Lakini modeli imesoma maandishi mengi zaidi ya lugha ambazo saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, na nilipoiondolea mfano ikarudi kwenye mazoea yake. Tena nikaipa na sababu: "ndani ya muda wa kazi". Tatu ya alfajiri haimo, tatu ya alasiri imo. Ikachagua 15:00. Kwa maelekezo niliyoiachia, haikukosea.

Nikataka kujua ile mistari ilitoka wapi. Git ina amri ya kutafuta badiliko lililoingiza au kuondoa maneno fulani:

```
git log -S "saa za Kiswahili" --oneline -- prompti/mzigo.txt
```

Yakaja mawili: langu la kuondoa, na lingine la miezi minane nyuma lililoingiza. Maelezo ya lile la kuingiza: "Marekebisho". Aliyeandika ni kaka tuliyekuwa naye, siku hizi amehamia Arusha. Nikampigia.

"Ndugu yangu, ile mistari mmeitoa kwa nini? Niliiweka baada ya mama mmoja wa Kariakoo kuletewa mzigo saa kumi wakati alisema saa nne. Siku mbili nilihangaika nayo."

Siku mbili. Kwa hiyo lilikuwa kosa lilelile, alishalipata, akalitibu, na dawa akaiacha ndani ya chupa isiyo na lebo. Mimi nikaja nikaimwaga nikidhani ni maji. Kumlaumu siwezi, maana mimi ndiye niliyefundisha ofisi nzima kuandika "marekebisho".

Halafu kulikuwa na tatizo la kurudi nyuma. Git inaweza kutengua badiliko zima kwa amri moja, lakini langu la Ijumaa lilikuwa pakacha: mstari wa saa, mstari wa salamu, namna ya kuandika namba za simu, na sentensi mpya kuhusu anwani. Ile sentensi ya anwani ilikuwa imesaidia kweli. Ningetengua yote, ningeponya saa na kuumiza anwani. Ikabidi nirudishe mistari miwili kwa mkono. Tangu hapo badiliko moja linabeba jambo moja, hata kama ni neno moja tu. Kama ni kusafisha, unasafisha mstari mmoja, unahifadhi, unaendelea na mwingine. Inachosha, sikatai.

Maelezo ya badiliko la kurudisha niliyaandika hivi, na ndiyo yakawa mfano wa yaliyofuata:

```
mzigo: rudisha mistari miwili ya saa za Kiswahili

Sababu: "saa tatu" bila "asubuhi" inasomwa 15:00 badala ya 09:00.
Tarajio: ujumbe wenye saa tupu urekebike; mengine yabaki yalivyo.
Kipimo: saa 41/60 -> 60/60, anwani 48/50 -> 48/50.
Usiondoe bila kupima kundi la saa.
```

Sababu ni malalamiko yaliyozaa mstari, kwa maneno ya mteja ikiwezekana. Hii ndiyo lebo ya chupa. Kipimo kinaonyesha kabla na baada, si kwa kundi ulilolilenga tu, bali na kwa kundi ambalo hukutaka liguswe. Lakini linalonisaidia zaidi ni tarajio, na ndilo watu wanalolikwepa, kwa sababu linakulazimisha useme kabla ya kupima nini kitabadilika na nini hakitabadilika. Mtu anayeandika "kupunguza urefu" hajasema lolote linaloweza kukanushwa. Kama siku ile ningelazimika kuandika "Tarajio: usomaji wa saa usibadilike", pengine ningejiuliza kama nimeupima. Nasema pengine. Ijumaa jioni ni Ijumaa jioni.

Jambo lingine dogo la mpangilio. Sehemu kadhaa za prompti yetu zilikuwa aya ndefu zisizokatwa, na Git inalinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo ukibadilisha neno moja inakuonyesha aya nzima imebadilika. Tulikata, kila sentensi ikakaa kwenye mstari wake. Modeli haikuonyesha tofauti, tulipima. Kwa faili za zamani zenye aya ndefu, `git diff --word-diff` inaonyesha maneno yenyewe yaliyoguswa.

Kilichobaki kuziba ni kujua kosa lilianza lini. Mara ile sikuweza kuuliza kumbukumbu zetu, kwa sababu rekodi ya kila mzigo ilisema saa na mahali lakini haikusema ni prompti ipi iliyosoma ujumbe. Sasa kila rekodi inabeba namba fupi ya badiliko la mwisho lililogusa faili, pamoja na jina kamili la toleo la modeli. Namba tunaipata hivi programu inapopandishwa kwenye seva:

```
git log -1 --format=%h -- prompti/mzigo.txt
```

Tunatumia namba ya faili na si ya hifadhi nzima, kwa sababu hifadhi inabadilika kila siku kwa mambo yasiyohusu prompti, na ukitumia hiyo kila siku itaonekana kama prompti mpya.

Kama miezi miwili baadaye hayo yalitusaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Mizigo ya Mbezi ikaanza kupotea njia. Dar kuna Mbezi Beach, huko njia ya Bagamoyo, na kuna Mbezi ya barabara ya Morogoro, kule Mbezi Mwisho. Ukimpeleka boda Mbezi isiyo yake, siku imeharibika. Nikafungua rekodi, nikatafuta namba ya prompti kabla ya tatizo na baada yake. Ileile. Jina la modeli, lilelile. Prompti haikuguswa na modeli haikuguswa, na bado ubora umeshuka.

Nilikaa nikitazama faili mpaka nikaliona tobo. Katikati ya prompti kulikuwa na nafasi ambapo programu huchomeka orodha ya vituo, na orodha hiyo ilisomwa kutoka kwenye jedwali la ofisi ambalo watu watatu walikuwa na ruhusa ya kulihariri. Yaani sehemu kubwa ya yale modeli iliyokuwa inasoma kila siku haikuwa kwenye Git kabisa. Mtu alikuwa amepunguza mistari ya jedwali kwa nia njema, Mbezi mbili zikawa "Mbezi" moja, yenye anwani ya Beach.

Orodha tuliihamishia kwenye Git jioni ileile, faili lake pembeni ya `mzigo.txt`. Na rekodi sasa zinabeba alama ya tatu, inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi yote kama yanavyoifikia modeli, baada ya orodha kuchomekwa. Tarehe ya leo tunaiacha nje ya hesabu hiyo, la sivyo alama ingebadilika kila usiku. Alama hiyo ikibadilika wakati namba ya prompti haijabadilika, najua nitazame wapi.

Dada wa huduma kwa wateja ndiye mwenye orodha ya vituo siku hizi. Git hakuipenda, na sikumlazimisha. Ananitumia badiliko kwa WhatsApp pamoja na maelezo, nami nayahifadhi kama alivyoyaandika. La wiki iliyopita lilisema: "Kituo kiandikwe Tegeta Kibaoni, si Kibaoni peke yake. Sababu: wateja watatu wa Kibaoni za kwingine wamepelekewa mizigo Tegeta. Tarajio: anayesema Kibaoni tu aulizwe ni ya wapi. Wa Tegeta wasiulizwe, watakasirika." Nikapima, wa Tegeta wawili wakaulizwa. Bado tunahangaika na huo mstari.